Boksi la futi kumi na sita lisilofika kumi na sita

Mpanda mjini kiwanja hupimwa kwa mita za mraba, chumba kwa futi, na tailizi kwa boksi. Hati ya ardhi ina mita. Fundi akija kuchora msingi anasema chumba cha kumi kwa kumi, sebule ya kumi na nne kwa kumi na sita, na hakuna anayemuuliza ni kumi za nini, kwani sote tunajua anasema futi. Nyumba ikishapauliwa na kupigwa lipu, mwenye nyumba anakwenda dukani kutafuta tailizi, nyingi zikiwa zimetoka India au China. Huko anakuta boksi limeandikwa kwa herufi kubwa inchi 24 kwa 24, chini yake futi za mraba 16, na pembeni, kwa maandishi ambayo mtu wa miaka hamsini hayasomi bila miwani, milimita 600 kwa 600, vipande 4, mita za mraba 1.44.

Maandishi hayo yote yako kwenye boksi moja, lakini hayasemi kitu kimoja. Futi za mraba 16 ni mita za mraba 1.49. Mita za mraba 1.44 ni futi za mraba 15.5. Kuna nusu futi ya mraba iliyoko kwenye maandishi na haimo ndani ya boksi. Kwa boksi moja ni kipande kisichozidi daftari la shule likifunguliwa. Kwa nyumba nzima ni boksi kamili au zaidi, na katika mkoa ambao mzigo husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, boksi moja lililopungua linaweza kusimamisha kazi kwa wiki kadhaa. Maoni yangu ni kwamba maduka ya vifaa vya ujenzi mkoani Katavi yaache kuuza tailizi kwa futi na inchi, na kwamba mnunuzi aache kuamini tarakimu kubwa iliyo mbele ya boksi. Lakini hoja hiyo haieleweki bila hesabu yake, kwa hiyo nianze na hesabu.

Inchi moja ni sentimita 2.54 kamili. Tangu mwaka 1959, Marekani, Uingereza na nchi nyingine zilizokuwa zikitumia inchi zilikubaliana juu ya kipimo hicho, kwa hiyo hakuna inchi ya Kihindi wala ya Kichina. Futi moja ina inchi 12, yaani sentimita 30.48, na mita moja ina futi 3.28. Mpaka hapo mafundi wengi wanapajua vizuri. Kinachowaangusha watu ni hatua inayofuata. Ukiwa na eneo la futi za mraba, huligawanyi kwa 3.28. Mita moja ya mraba ina futi 3.28 upande huu na futi 3.28 upande ule, na ukizidisha unapata futi za mraba 10.76. Kwa hiyo unagawanya kwa 10.76.

Anayegawanya kwa 3.28 anapotea mara tatu na zaidi. Sebule ya futi 14 kwa 16 ina futi za mraba 224. Ukigawanya kwa 10.76 unapata mita za mraba 20.8. Ukigawanya kwa 3.28 unapata 68, ambalo ni eneo la nyumba ndogo nzima yenye vyumba viwili na sebule. Kosa la namna hii hujionyesha lenyewe iwapo mtu anakumbuka jambo moja: chumba cha kumi kwa kumi, ambacho kila mtu Makanyagio au Kawajense amewahi kulala ndani yake, kina mita za mraba 9.3. Futi za mraba mia moja ni mita za mraba tisa na kidogo. Jibu lolote la hesabu lipimwe kwa chumba hicho. Sebule ya futi za mraba 224 ni vyumba viwili vya kumi kwa kumi na robo, basi haiwezi kuwa zaidi ya mita za mraba 21.

Hatari kubwa zaidi ni pale kosa hilo linapofanywa upande mmoja tu wa hesabu. Mtu amepima chumba kwa mita, akapata 20.8 sawasawa, halafu akachukua futi za mraba za boksi na kuzigawanya kwa 3.28. Anaona boksi moja linafunika karibu mita za mraba tano, ananunua maboksi matano, na kazi inakwama fundi akiwa amefika kama theluthi ya chumba. Kama chumba kimepimwa kwa futi na boksi limeandikwa futi, usibadilishe chochote: gawanya futi kwa futi. Kubadilisha kunahitajika pale tu vipimo viwili vinapokutana, na hapo kimoja kibadilishwe chote, kwa kigawanyo kile kile.

Sasa turudi kwenye zile inchi 24. Tailizi tunayoiita ya inchi 24 haina inchi 24. Kiwanda kimeitengeneza kwa milimita 600, yaani sentimita 60, na inchi 24 ni sentimita 60.96. Wafanyabiashara wa India wanaiita futi mbili kwa mbili kwa mazoea ya soko lao, ingawa nchi yao ilianza kuhamia metriki tangu miaka ya 1950, na jina hilo limesafiri pamoja na mzigo mpaka kwetu. Ndivyo ilivyo pia kwa tailizi ya inchi 16, ambayo kwa kweli ni sentimita 40, na ya inchi 12, ambayo ni sentimita 30. Upande unapungua chini ya sentimita moja, jicho haliioni. Lakini eneo hupungua upande kwa upande, na matokeo yake ni asilimia tatu na kidogo kwa kila kipande, cha ukubwa wowote kati ya hizo. Inchi kwenye boksi ni jina la ukubwa, kama namba ya kiatu. Milimita ndiyo kipimo.

Kuhakiki hakuhitaji kalamu. Tepu ya fundi ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Omba kipande kimoja, weka ncha ya tepu kwenye ukingo, vuta mpaka ukingo wa pili. Tailizi itaishia kwenye 60 ya sentimita, na ukiangalia upande wa inchi utaona mstari wa 24 bado uko mbele, karibu upana wa kidole kidogo, hewani. Nimeona muuzaji mmoja akifanyiwa hivyo na mteja wake, mama wa makamo aliyekuwa anamalizia nyumba.

“Mama, hizi ni mbili kwa mbili, wote wanachukua hivyo hivyo,” alimwambia.

“Sawa mwanangu, lakini mbili yenyewe iko huku,” akajibu yule mama, kidole chake kikiwa kwenye tepu mbele ya ukingo wa tailizi. “Nipigie hesabu kwa hii iliyopo.”

Muuzaji hakuwa mwongo. Alikuwa anasoma kilichoandikwa. Ndiyo maana nasema tatizo si la uaminifu wa mtu mmoja mmoja, ni la kuuza kwa jina badala ya kipimo.

Tuichukue ile sebule ya futi 14 kwa 16 mpaka mwisho. Mnunuzi anayesoma futi za mraba 16 anagawanya 224 kwa 16, anapata 14 kamili. Hesabu ikitoka bila mkia namna hiyo inashawishi sana, na anaondoka na maboksi 14. Ukweli ni kwamba maboksi 14 ya mita za mraba 1.44 ni mita 20.16, wakati sakafu ina 20.8. Amepungukiwa na karibu nusu boksi hata kabla fundi hajakata kipande cha kwanza, na hata kama hakuna tailizi iliyopasuka njiani. Ukianza na kipimo cha kweli, 20.8 kugawanya kwa 1.44 ni 14.44. Unaongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika, unapata karibu 15.9, unanunua 16.

Watu wengi wanaojua hesabu huishia hapo, na kanuni ya kuongeza sehemu ya kumi inafaa vyumba vingi. Haifai vyote, na sebule yetu ni mojawapo. Futi 14 ni sentimita 427. Tailizi saba zinakula 420, na mianya ya kujaza groti, tuseme milimita tatu kila mmoja, inakula mbili nyingine. Inabaki sentimita tano. Upande wa futi 16, ambao ni sentimita 488, tailizi nane zinakula 480 na mianya kama mbili na nusu, inabaki chini ya sita. Ina maana fundi akianzia ukutani atamaliza na utepe mwembamba wa sentimita tano pande mbili za chumba. Utepe huo huvunjika wakati wa kukata, hushika vibaya, na huonyesha wazi kila mahali ambapo ukuta haujanyooka.

Fundi mzuri haachi utepe. Anatafuta katikati ya chumba na kuanzia hapo, ili vipande vya kukata vigawanyike pande zote mbili. Upande wa futi 14 unakuwa na tailizi sita nzima katikati na kipande cha sentimita kama 32 kila pembeni. Upande wa futi 16 unakuwa na saba nzima na vipande viwili vya ukubwa huo huo. Chumba kinapendeza. Lakini ukikata 32 kutoka kwenye 60, kinachobaki ni 28, na 28 haiwezi kuziba nafasi nyingine ya 32. Kila kipande cha pembeni kinakula tailizi nzima. Mistari minane kwa mistari tisa ni tailizi 72, sawa na maboksi 18. Eneo la chumba halijabadilika hata kidogo, na maboksi yameongezeka kutoka 16 hadi 18.

Masalia yale ya sentimita 28 hayapotei. Ndiyo yanayokatwa skating, ule ukanda wa chini ya ukuta, na kwa sebule hii yanatosha kuzunguka chumba chote. Anayekubali utepe wa sentimita tano atatumia tailizi chache sakafuni, kisha atanunua nyingine kwa ajili ya skating. Kwa hiyo kabla ya kununua, muulize fundi wako maswali mawili: ataanzia wapi, na skating itatoka wapi. Akijibu kwamba tutaona tukifika, bado hana hesabu, hata kama ameshakupa idadi ya maboksi.

Kuna kipimo kimoja zaidi cha kuangalia, nacho ni cha chumba chenyewe. Ile kumi na nne kwa kumi na sita ilisemwa siku ya kuchora msingi. Tofali za kuchoma za kwetu haziko sawa kwa ukubwa, kuta hupinda kidogo, na lipu ya sentimita moja na nusu kila upande inapunguza chumba sentimita tatu. Kwenye sebule yetu sentimita tatu zinabadilisha mpango wote, kwa sababu utepe wa tano unakuwa wa mbili. Chumba kipimwe baada ya lipu, kwa sentimita, sehemu mbili au tatu kila upande, na hesabu itumie kipimo kirefu zaidi.

Kwa rangi jambo ni jingine kidogo. Kopo lililotoka India mara nyingi huandika eneo linalofunikwa kwa futi za mraba kwa kila lita. Tuseme imeandikwa 100. Hiyo ni mita za mraba 9.3, ile ile ya chumba cha kumi kwa kumi. Swali la kuuliza ni mikono mingapi. Lebo nyingine inahesabu mkono mmoja, nyingine inahesabu ukuta uliokwisha kupakwa mikono miwili, na tofauti ni nusu kwa nusu. Idadi ya mikono huandikwa karibu na tarakimu, na isipokuwepo ni salama zaidi kuchukulia kwamba ni mkono mmoja. Kuta za sebule yetu zina urefu wa mita 18.3 ukizizunguka. Kwa kimo cha mita 2.7 ni kama mita za mraba 49, ukitoa mlango na madirisha zinabaki 44 hivi. Kwa mkono mmoja wa futi za mraba 100 kwa lita unahitaji lita tano kasoro kidogo, na kwa mikono miwili lita tisa na nusu. Anayenunua galoni moja ya lita 4 akidhani lebo imemaliza kazi atapaka mkono wa kwanza na hatafika hata mwisho wake.

Lebo ikitaja galoni, tahadhari inaongezeka. Galoni ya dukani kwetu ni kopo la lita 4, ya Marekani ni lita 3.785, na ya zamani ya Kiingereza ni lita 4.546. Tofauti kati ya hizo mbili za mwisho ni kama sehemu moja ya tano. Tafuta lita kwenye kopo na uhesabu kwa lita. Na kumbuka kwamba eneo lililoandikwa ni la ukuta laini uliokaushwa vizuri. Lipu iliyosuguliwa kwa mchanga mkubwa, au ukuta usiopakwa praima, hunywa rangi kupita lebo yoyote, na hapo hesabu ya kweli hupatikana kwa kupaka sehemu ndogo iliyopimwa na kuona lita moja imefika wapi.

Turubai la kuanikia mpunga na mahindi nalo huuzwa kwa futi. La 18 kwa 24 linasomeka kama mita za mraba 40. Mara nyingi kipimo hicho ni cha kitambaa kabla ya kukunjwa na kushonwa pindo, na likitandazwa linapungua inchi kadhaa kila upande. Mkulima anayepanga idadi ya magunia ya kuanika kwa siku alipime likiwa chini.

Sasa kuhusu maduka. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inasimama juu ya metriki, na Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya sokoni na pampu za mafuta. Mkulima wa tumbaku wa Mlele au Nsimbo analindwa mizani inapopima mzigo wake. Anapochukua fedha za mzigo huo na kuja Mpanda kununua sakafu, anaachwa na boksi lenye vipimo viwili visivyolingana, na kile kikubwa ndicho kinachotajwa na muuzaji. Sioni kwa nini ulinzi huo uishie kwenye kilo. Dhara ni la fedha taslimu. Tuseme boksi ni shilingi 36,000. Kwa mita za mraba 1.44, mita moja ni shilingi 25,000. Kwa anayeamini futi 16, mita moja inaonekana kama shilingi 24,200. Duka la pili lina tailizi za sentimita 40, vipande 12 kwenye boksi, shilingi 46,000. Boksi linaonekana ghali, lakini lina mita za mraba 1.92, na mita moja inatoka chini kidogo ya 24,000. Mnunuzi hawezi kuliona hilo wakati kila boksi lina bei yake na futi zake.

Ninachotaka ni kibandiko cha bei chenye mambo matatu kwa Kiswahili: ukubwa kwa milimita, mita za mraba zilizomo ndani ya boksi, na bei ya mita moja ya mraba. Muuzaji hahitaji kubuni kitu, kwa sababu kiwanda kimeshaandika pembeni. Zidisha upande kwa upande, zidisha kwa idadi ya vipande, na kama jibu halilingani na mita za mraba zilizoandikwa, rudi kwa aliyekuletea mzigo kabla hujauuza. Mita 0.6 mara 0.6 mara 4 ni 1.44.

Mpaka hapo, mnunuzi ajilinde kwa njia mbili akiwa bado dukani. Ya kwanza ni kusoma namba ya toleo na alama ya kivuli cha rangi kwenye kila boksi, kwa sababu tailizi za jina moja zilizochomwa kwa nyakati tofauti hazifanani, na boksi la kuongezea lililofika baada ya mwezi litaonekana kama kiraka mlangoni. Maboksi yote 18 yawe na namba moja. Ya pili ni kukubaliana juu ya kurudisha. Muuzaji aandike kwenye risiti kwamba boksi lisilofunguliwa, lenye namba ile ile, litapokelewa ndani ya muda mtakaopanga. Kisha yakitoka 18 na fundi akatumia 17, boksi moja linarudi dukani na vipande vizima vilivyobaki vinawekwa chini ya kitanda, na namba yao ya toleo imeandikwa nyuma kwa kalamu ya wino mzito.